Maharage mekundu 186: namna ya kusoma P na wigo wa uhakika

Kila mwaka, nikifika kwenye somo la kusoma tafiti, huandika mstari mmoja ubaoni na kuwaomba wanafunzi wangu wa uuguzi wauseme kwa Kiswahili cha kawaida, kama vile wanamweleza mama aliyekaa na mwanawe wodini:

RR 1.44 (95% CI 1.09–1.90), P = 0.01

Jibu la kwanza huwa lile lile. "Mwalimu, P ni ndogo kuliko 0.05, kwa hiyo matokeo ni ya kweli." Nikiuliza matokeo gani, ya ukubwa gani, na yanamhusu mtoto yupi, macho yote hurudi kwenye ile 0.01, kana kwamba majibu yamejificha humo. Hayamo. Majibu mengi yamo kwenye namba mbili za katikati, ambazo wanafunzi huziruka kwa sababu zinaonekana kama mapambo ya mabano.

Mstari huo unatoka hapa kwetu. Ni wa utafiti ulioitwa FEAST, uliofanyika katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, Kilifi na Muheza zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2011. Uliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto. Watafiti waliuliza swali ambalo muuguzi wa wodi ya watoto hukutana nalo usiku wa manane: mtoto mwenye homa kali, aliyepungukiwa fahamu au anayepumua kwa shida, miguu yake ya baridi, damu inachelewa kurudi ukimbonyeza kucha. Je, apewe dripu nyingi kwa haraka ndani ya saa ya kwanza, au apewe maji ya kawaida ya kumtunza tu, polepole? Wakati huo vitabu vingi vilielekeza dripu ya haraka, na wengi wetu tulifundishwa hivyo.

Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, jingine likapewa albumini kwa haraka, na la tatu halikupewa dripu ya haraka kabisa. Makundi yote yalipata dawa na huduma nyingine kama kawaida. Kisha zikahesabiwa saa 48. Kati ya watoto 1,047 waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, 110 walifariki. Kati ya 1,044 ambao hawakupewa, walifariki 76. Kwa asilimia ni 10.5 dhidi ya 7.3. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 1.44, na hiyo ndiyo RR, yaani uwiano wa hatari: hatari ya kufariki kwa waliopewa dripu ya haraka ilikuwa mara 1.44 ya hatari ya wenzao.

Hapo ndipo mtu mwenye busara anapouliza: je, huenda ni bahati mbaya ya kura tu? Huenda watoto waliokuwa karibu na kifo waliangukia zaidi kundi la dripu. P ipo kwa ajili ya swali hilo, na njia nyepesi ya kuielewa ni kuchukua maharage.

Tuseme dripu ya haraka haina athari yoyote, si nzuri wala mbaya. Kama ni hivyo, wale watoto 186 waliofariki katika makundi haya mawili wangefariki hata kama wangeingia kundi jingine, na kilichoamua wahesabiwe upande gani ni kura peke yake. Basi weka kwenye beseni maharage mekundu 186 na meupe 1,905. Changanya vizuri. Fumba macho, chota 1,047 uyaweke kushoto, na 1,044 yanayobaki yakae kulia. Sasa hesabu mekundu kila upande. Kwa wastani yatakuwa kama 93 kwa 93, lakini ni mara chache yatalingana hivyo. Mara hii utapata 97 kwa 89, mara nyingine 90 kwa 96, siku nyingine 101 kwa 85. Beseni haina nia wala dripu, lakini pengo linatokea lenyewe. Mwanafunzi akikumbuka jambo hili moja tu, kwamba pengo hutokea hata pasipo sababu, amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Rudia zoezi hilo mara 1,000. Ni mara ngapi utapata pengo kubwa kama lile la 110 kwa 76, au kubwa zaidi, upande wowote utakaozidi? Hesabu inaonyesha kama mara 10 hivi. Mara 10 katika 1,000 ni 0.01, na hiyo ndiyo P. Inakwambia kwamba kama dripu isingekuwa na athari yoyote, pengo la namna hii lingekuwa jambo la nadra, linalotokea kama mara moja katika mia. Watafiti wakaona ni vigumu kuamini kwamba wameangukia mara hiyo moja.

Angalia neno "kama". P yote inasimama juu ya neno hilo. Beseni lilitengenezwa kwa sharti kwamba dripu haina athari. Hatukulichunguza sharti lenyewe, tulilikubali kwanza kisha tukaangalia data zinafanana nalo kiasi gani. Kwa hiyo P = 0.01 haimaanishi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 1 tu kuwa dripu haina athari, wala haimaanishi kuwa tuna uhakika wa asilimia 99 kuwa inadhuru. Kosa hili nimeliona kwenye kazi za wanafunzi, na nimelisikia pia kwa watu wenye shahada kubwa.

Muuguzi ana njia yake ya kulikumbuka. Ukichukua watoto wenye malaria, wengi sana watakuwa na homa. Lakini ukichukua watoto wenye homa, huwezi kusema kwamba wengi sana wana malaria. Itategemea uko wapi, ni msimu gani, na kuna magonjwa gani mengine. "Homa kwa mwenye malaria" na "malaria kwa mwenye homa" ni mambo mawili, na hakuna muuguzi mzoefu anayeyachanganya. P ni ya aina ya kwanza: inakwambia data kama hizi zingeonekana mara ngapi endapo hakuna tofauti. Unachotamani kujua ni cha aina ya pili: kwa kuwa nimeziona data hizi, je, tofauti ipo? P peke yake haiwezi kukupeleka huko. Inabidi uongeze mengine unayoyajua, kama vile tafiti zilizotangulia, namna mwili unavyofanya kazi, na jinsi utafiti wenyewe ulivyoendeshwa.

Sasa turudi kwenye mabano tuliyoyaruka. 95% CI ni kile ninachokiita wigo wa uhakika, na hapa unaanzia 1.09 na kuishia 1.90. Ile 1.44 ni kisio bora kutokana na watoto hawa, lakini wangekuja watoto wengine wiki nyingine, tungepata 1.38 au 1.52. Wigo unaonyesha ni ukubwa gani wa athari unaopatana vizuri na data tulizonazo. Huku chini, hatari inaongezeka kwa asilimia 9 tu. Huku juu, inakaribia kuongezeka maradufu. Chochote kati ya hapo hakigombani na kilichoonekana, ingawa namba zilizo karibu na 1.44 zinapatana na data kuliko zile za pembeni.

Hiyo 95 ina maana yake mahsusi, na mvuvi wa kimia anaweza kutusaidia kuieleza. Samaki ametulia mahali pamoja chini ya maji, naye ndiye athari halisi ya dripu, tusiyoiona. Kila utafiti ni mrusho mmoja wa kimia. Mvuvi huyu ana ustadi kiasi kwamba katika mirusho 100, kimia chake humfunika samaki mara 95 hivi. Asilimia 95 ni sifa ya mvuvi na urushaji wake. Mrusho huu mmoja wa leo umeshatua: samaki yumo au hayumo, nasi hatuoni. Tunauamini kwa sababu ya rekodi ya mvuvi, tukijua kwamba yapo marusho yanayomkosa.

Uwiano una shida moja, nayo ni kwamba hausemi tunaanzia wapi. Mara 1.44 ya hatari ndogo sana ni jambo dogo, mara 1.44 ya hatari kubwa ni msiba. Ndiyo maana nawalazimisha wanafunzi warudi kwenye watoto wenyewe. Bila dripu ya haraka walifariki 7.3 katika kila 100. Kwa dripu ya haraka walifariki 10.5. Tofauti ni vifo 3.2 zaidi katika kila watoto 100. Nikipiga hesabu ya wigo wa tofauti hiyo kwa kutumia idadi zile zile, napata kuanzia 0.8 hadi 5.7. Sasa mstari wa ubaoni unaweza kusemwa kwa Kiswahili: katika kila watoto 100 kama hawa, dripu ya haraka ilienda pamoja na vifo takriban vitatu zaidi, na data zinaruhusu iwe karibu kimoja au karibu sita. Sentensi hiyo mama wa wodini anaielewa, na hata daktari wa zamu hana la kuiongeza.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo dogo linalowaangusha wengi kwenye mtihani. Ukisoma wigo wa uwiano, tafuta kama 1 imo ndani, kwa sababu hatari mbili zikilingana zikigawanywa zinatoa 1. Ukisoma wigo wa tofauti, tafuta 0, kwa sababu zikilingana zikitolewa zinabaki 0. Hapa 1.09 hadi 1.90 haina 1, na 0.8 hadi 5.7 haina 0. Kwa kawaida, wigo wa asilimia 95 usio na namba hiyo huenda pamoja na P iliyo chini ya 0.05, habari ni ile ile imesemwa kwa njia mbili, ila wigo unakupa na ukubwa juu yake.

Sehemu ya FEAST ninayoipenda zaidi kufundishia haizungumzwi sana. Watoto wale wale waliotibiwa kwa dripu ya haraka walilinganishwa pia wao kwa wao: albumini dhidi ya maji ya chumvi. Uwiano ulikuwa 1.01, wigo kuanzia 0.78 hadi 1.29, na P = 0.96. Aidha, kulikuwa na kikundi kidogo cha pembeni, cha watoto ambao shinikizo la damu lilikuwa limeshuka vibaya. Hao wote walipewa dripu ya haraka, kwa kuwa ilionekana si haki kuwanyima. Kura iliamua tu kama ni albumini au maji ya chumvi. Walikuwa watoto 29. Wa albumini 13, wakafariki 9. Wa maji ya chumvi 16, wakafariki 9 pia. Uwiano ni 1.23, wigo kuanzia 0.70 hadi 2.16, P = 0.45.

Mwanafunzi anayesoma P tu ataandika mistari miwili inayofanana: "Hakukuwa na tofauti kati ya albumini na maji ya chumvi. Katika kikundi cha pili pia hakukuwa na tofauti." Na hapo amekosea, kwa sababu matokeo hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Katika kundi kubwa, wigo umebana kiasi pande zote mbili za 1. Haujathibitisha kwamba viowevu hivi viwili ni sawa kabisa, maana 0.78 bado ni punguzo la asilimia 22 na 1.29 ni ongezeko la asilimia 29. Lakini umekataza mambo makubwa. Mtu akija kukwambia kwamba albumini, ambayo ni ghali na ngumu kupatikana, inapunguza vifo vya watoto hawa kwa nusu, unaweza kumwonyesha kwamba nusu, yaani 0.50, iko mbali nje ya wigo. Utafiti umekupa jibu la kufanyia kazi.

Katika watoto 29, wigo unaanzia punguzo la asilimia 30 na kufika zaidi ya maradufu ya vifo. Maana yake ni kwamba albumini huenda ikaokoa wengi, huenda ikaua wengi, au isifanye lolote, na data zinapatana na yote matatu. Kifo kimoja tu kingepungua kwenye watoto 13 wa albumini, asilimia ya vifo ingeshuka kutoka 69 hadi 62. Namba inayoyumba hivyo kwa mtoto mmoja haiwezi kubeba neno "hakuna tofauti". Kinachostahili kuandikwa ni kwamba watoto walikuwa wachache mno na swali limebaki wazi. P kubwa inaweza kutokana na tofauti ndogo, au kutokana na watu wachache, na ukiitazama yenyewe huwezi kujua ni ipi. Wigo unaonyesha kwa upana wake. Ukiuona mpana hivyo, hesabu matukio: huku vifo 18, kule vifo zaidi ya 200. Idadi ya matukio, hata kuliko idadi ya wagonjwa, ndiyo hasa inayoubana wigo.

Kuna upande wa pili wa kosa hilo hilo, na hapa natumia mfano wa kubuni. Tuseme utafiti wa wagonjwa 20,000 unapata kwamba dawa fulani inashusha shinikizo la damu la juu kwa milimita 1 ya zebaki, wigo 0.6 hadi 1.4, P chini ya 0.001. P ni ndogo ajabu. Lakini hata mwisho wa juu wa wigo ni milimita moja na nusu, kiasi ambacho hubadilika mgonjwa akihamisha mkono wakati unampima. Tofauti hiyo ipo, na kwa mgonjwa mmoja haina uzito. Ndiyo sababu sipendi kuona makala zikisema matokeo ni "muhimu kitakwimu", kwa kuwa msomaji anasikia "muhimu" na kusahau lile neno la pili. Mimi husema "tofauti imeonekana juu ya kelele za kura", kisha nasubiri wigo uniambie kama ni tofauti ya kujali.

Na ile 0.05 yenyewe imetoka wapi? Ilienezwa na mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925, alipokuwa akichambua majaribio ya mashamba. Aliichagua kwa kuwa ilifaa kutumika, wala mwili wa binadamu haubadiliki pale namba inapovuka kutoka 0.051 hadi 0.049. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kikionya, pamoja na mengine, kwamba maamuzi yasifanywe kwa kuangalia tu kama P imevuka mstari fulani. Ukiona makala imekuandikia "P < 0.05" na kuishia hapo, bila namba kamili na bila wigo, imekunyima sehemu kubwa ya habari, na una haki ya kuitafuta kwenye majedwali.

Mwaka mmoja, tulipomaliza kuupitia mstari wa ubaoni, mwanafunzi aliyekuwa amefanya mazoezi wodi ya watoto aliuliza: "Mwalimu, kwa hiyo mtoto wa kuhara aliyekaukiwa maji tusimpe dripu ya haraka?" Nilifurahi kwamba aliuliza darasani kabla hajaenda kuamua peke yake usiku. Watoto wenye kuhara na kutapika hawakuingizwa katika FEAST, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuumia. Mpaka chini ya 1.09 hauwahusu, na mpaka juu ya 1.90 hauwahusu. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara ana mwongozo wake, na anahitaji maji. Tena hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia kama zilivyo wodi za wagonjwa mahututi za nchi tajiri, kwa hiyo anayefanya kazi kwenye wodi kama hizo naye ana swali lake la kuuliza kabla ya kuyabeba matokeo haya.

Wigo wa uhakika hupima kuyumba kwa kura tu. Haujui ni nani aliyeachwa mlangoni, haujui kama kipimo kilisomwa vibaya, haujui kama wagonjwa waliopotea ndio waliokuwa na hali mbaya. Hayo yameandikwa kwa maneno kwenye sehemu ya mbinu, kurasa mbili tatu kabla ya jedwali. Kwa hiyo, wewe unayesoma kwa ajili ya zamu ya kesho, anzia huko: soma nani aliingizwa na nani aliachwa, mfikirie mgonjwa wako, na ukiona yumo ndipo ufungue jedwali. Ukifika hapo, funika P kwa kidole, soma ncha mbili za wigo, zigeuze ziwe watu katika kila 100, kisha ndipo uondoe kidole.